Nyota tisa kwenye chati moja: ripoti ya kulipia, nimeipima ukurasa kwa ukurasa

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo niko na ripoti ya chati ya kuzaliwa, ile ya kununua mtandaoni, unatumiwa faili kwenye simu. Jina la muuzaji silitaji, kwa sababu nilichokiona humu kipo kwenye ripoti nyingi. Hii ina kurasa 38, na kurasa 11 kati ya hizo ni za nyota zisizohama: sio sayari, ni nyota zenyewe za angani, Kalbu Asadi, Shiira, Wega na wenzake. Hizo 11 ndizo nilizozinunulia.

Chati ni ya mdogo wangu, na amenipa ruhusa niionyeshe. Kazaliwa Dar es Salaam, tarehe 23 Agosti 1991, saa tisa na nusu usiku. Mama anaikumbuka vizuri, kwa sababu aliuliza saa mara tu mtoto alipolia.

Ripoti ya kwanza ilikuja imeharibika, na naomba mlisikilize hili kabla hamjalipa chochote. Tuliandika kwenye fomu "saa 9:30 usiku". Muuzaji akaingiza 21:30. Jamani, saa tisa na nusu ya usiku ni 03:30! Ripoti ikaja inasema digrii iliyokuwa inachomoza mashariki ni ya 19 ya Kondoo, na Jua lake liko Mashuke. Mdogo wangu akasema, "Dada, mimi maisha yangu yote ni Simba, hapa nimekuwaje Mashuke?" Hapo ndipo tukashtuka. Siku ile Jua lilitoka Simba likaingia Mashuke mchana, kwa hiyo saa 18 za makosa zilimbadilishia nyota yake na upande mzima wa anga. Ukijaza fomu, andika saa za namba 24.

Sasa tuingie kwenye ripoti ya pili, iliyo sahihi. Inasema nyota tisa "zimemgusa". Tisa! Mtu ukisoma unajiona umebarikiwa. Lakini nenda nyuma kabisa, ukurasa wa mwisho, kuna maandishi madogo: wametumia nyota 60, na nafasi ya digrii 1 kila upande. Tupige hesabu pamoja. Kila nyota inashika digrii 2 za duara. Nyota 60 mara 2 ni digrii 120, yaani theluthi ya duara lote, kama hazijapandiana. Chati ina sayari 10, pamoja na digrii inayochomoza na ile ya kileleni, jumla vitu 12. Theluthi ya 12 ni 4. Maana yake mtu yeyote, hata aliyezaliwa dakika hii, atapata kama nyota nne bila sababu yoyote. Na kati ya hizi tisa, tatu ziko kwa Uranusi, Neptuni na Pluto, sayari ambazo wanajimu wa kale hawakuwa nazo kabisa.

Tazameni hapa, ukurasa wa 27: "Neptuni wako yuko pamoja na Wega, una kipaji cha muziki." Neptuni anatembea polepole sana. Mwaka ule wa 1991 alikaa miezi mingi karibu na digrii hiyo ya Mbuzi. Basi darasa zima la mdogo wangu lina kipaji cha muziki? Kurasa za namna hii mimi nazipa uzito sifuri, na siwezi kusema vinginevyo.

Katika zinazobaki, kuna mbili ninazotaka tuzikalie, kwa sababu zinaonekana sawa kwenye karatasi na si sawa hata kidogo. Ya kwanza ni Shiira, kwenye programu utaona imeandikwa Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku. Ripoti inasema: "Shiira ilikuwa inachomoza ulipozaliwa." Ya pili ni Kalbu Asadi, moyo wa simba, kwenye programu ni Regulus, na ripoti inasema iko pamoja na Jua lake.

Tuanze na Shiira. Digrii iliyokuwa inachomoza ilikuwa karibu na ya 14 ya Kaa, na kwenye jedwali Shiira nayo ni digrii ya 14 ya Kaa. Kwa namba, imegonga. Lakini jedwali linatoa upande mmoja tu wa habari. Sayari zote zinatembea karibu na njia ya Jua. Shiira iko mbali na njia hiyo, karibu digrii 40 kusini yake. Wanachofanya ni kuvuta mstari kutoka kwenye nyota hadi kwenye njia ya Jua, wanasoma namba pale mstari unapoangukia, wanasema nyota iko hapo. Haipo hapo. Hapo pameangukia mstari tu.

Nimekokotoa kwa Dar es Salaam. Shiira inachomoza pale kama dakika 36 kabla ya digrii ya 14 ya Kaa kuchomoza. Mama alipokuwa anajifungua, nyota ile ilikuwa imeshapanda. Nyoosha mkono, kunja ngumi, uiweke juu ya upeo wa macho: ilikuwa karibu na juu ya ngumi hiyo. Kwa Dar, digrii inayochomoza pamoja na Shiira ni kama ya 6 ya Kaa.

Sasa mpeleke mtoto huyo London, na digrii ile ile ya 14 ya Kaa inachomoza. Kule Shiira haijatoka bado! Itatoka baada ya saa 3 na dakika kama 20, wakati inachomoza digrii ya 20 hivi ya Simba. Ripoti ya Dar na ripoti ya London zitaandika sentensi moja, "Shiira ilikuwa inachomoza", na kote ni uongo, huku imeshapanda, kule bado iko chini ya ardhi.

Wazee wetu wa pwani hapa wasingebabaika. Wanasema, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sikiliza vitendo: kuzama, kuzuka. Mkulima anaitazama nyota inapozama na inapozuka pale alipo yeye. Na si wao peke yao. Kuna mwandishi wa unajimu aliyeandika Roma mwaka 379, jina lake halijulikani, alishughulika na nyota angavu kama 30 tu, na alijali nyota ichomoze, ifike kileleni au izame pamoja na sayari. Hii habari ya kulinganisha namba za digrii peke yake inafaa kwa nyota zilizo karibu na njia ya Jua. Kwa zilizo mbali, muulize muuzaji kama amekokotoa kuchomoza kwa mji uliozaliwa. Akikujibu kwa digrii ya jedwali, hajakokotoa.

Na tuseme nyota iko karibu na njia ya Jua, bado kuna saa. Digrii inayochomoza inabadilika moja kila dakika nne hivi. Mama akikosea dakika kumi, umeshavuka nafasi yote waliyoiweka. Kama saa yako ya kuzaliwa ni "alfajiri, baada ya adhana", nyota yoyote kwenye digrii inayochomoza au ya kileleni iache.

Sasa Kalbu Asadi. Hii iko chini ya nusu digrii kutoka njia ya Jua, karibu inaikanyaga. Nimeipima vilevile: inachomoza na digrii yake kwa tofauti isiyofika dakika 2, Dar au London. Mwaka 1991 ilikuwa kama digrii 29 na dakika 42 za Simba, Jua la mdogo wangu kama digrii 29 na dakika 29. Tofauti haifiki robo digrii. Na Jua haliendi mbio kama digrii inayochomoza: mama akikosea hata nusu saa, Jua limesogea dakika moja na kidogo ya digrii. Hii ndiyo sehemu ya ripoti iliyosimama.

Kagueni pia namba yenyewe. Nyota hizi husogea kwenye duara digrii 1 kila miaka 72 hivi. William Lilly, mnajimu wa London, kwenye kitabu chake cha 1647 aliiandika Kalbu Asadi digrii ya 24 ya Simba. Ukiona ripoti ya leo inayotumia duara lile lile inasema 24, wamenakili kitabu cha kale bila kuhesabu. Tangu karibu 2012 imeshaingia Mashuke. Ripoti hii iko sawa hapo, nawapa haki yao.

Je, uzito wake ni kiasi gani? Lilly alikuwa na jedwali la alama. Sayari ikiwa kwenye nyumba yake mwenyewe, kama Jua likiwa Simba, anaipa 5. Ikikutana na Kalbu Asadi anaipa 6! Yaani nyota moja imeizidi nyumba. Mimi namheshimu sana, lakini hapa simfuati. Jua hukaa ndani ya digrii 1 ya nyota hii siku mbili hivi kila mwaka. Katika kila watu 180, mmoja hivi anayo. Ripoti inamwambia mdogo wangu "umezaliwa kutawala". Daladala tatu zikijaa Mbagala, kuna uwezekano mzuri kwamba mtawala mwingine yumo humo.

Ninavyosoma mimi, sayari inasema jambo kwanza, nyota inalikoleza. Ptolemi, mnajimu wa kale, aliipa Kalbu Asadi tabia ya Mirihi na Mshtarii: ushupavu na ukubwa. Jua la mdogo wangu liko nyumbani kwake Simba, sehemu ya pili ya chati, ya mali. Kwa hiyo pale naongeza neno moja: kwenye pesa ana mkono wa kuthubutu, na anapenda ionekane. Basi. Kama Jua hilo lingekuwa linachomoza au liko kileleni, ningeongeza sauti. Kama lingekuwa dhaifu, nyota isingeliokoa.

Kwa hiyo katika nyota tisa nimebakisha moja, na kurasa 11 zimekuwa ukurasa mmoja, wa 23. Kwa shilingi elfu thelathini na tano, sehemu hii ya nyota naipa mbili kati ya kumi, zote mbili kwa sababu namba za nyota zenyewe ni za mwaka sahihi. Nimemwandikia muuzaji anikokotolee kuchomoza kwa Shiira kwa Dar es Salaam, nimemtumia na hesabu yangu. Akijibu nitawasomea jibu lake lote, na mwenye ripoti ya aina nyingine aniandikie wametumia nyota ngapi na nafasi ya digrii ngapi.