Kamera ya joto iliyonikazisha skrubu isiyo yake

Mimi ni fundi umeme, kazi zangu nyingi ziko Mafinga kwenye viwanda vya mbao. Hii kamera niliinunua duka moja Mbeya mjini, kwa akiba ya msimu mzima. Sitaeleza betri inakaa muda gani wala uzito wake, hayo mtayakuta kwenye boksi. Naandika kwa sababu ya waya mmoja.

Kijana wa duka alinionyesha picha ya paneli iliyopigwa na kamera hiyo. Kila breka inaonekana, kibandiko kinasomeka, na mahali penye joto panawaka kama kaa. Boksi limeandikwa 640 x 480. Nikalipa. Hakuniambia kwamba sensa yenyewe ya joto ni 160 x 120, yaani nukta 19,200, na zaidi ya laki mbili na nusu za nukta nyingine kwenye picha ile zimejazwa na programu kwa kukisia kati ya nukta na jirani yake. Na kile kibandiko hakikusomwa na sensa ya joto hata kidogo. Kimesomwa na kamera ya kawaida iliyo pembeni yake, halafu mistari yake ikachorwa juu ya picha ya joto.

Mvua zilikuwa zimeanza, mzee mmoja mwenye kiwanda akaniita. Msumeno wake wa mkanda ulikuwa unazima katikati ya gogo. Nilifungua paneli, nikasimama mita mbili, nikapiga. Picha safi kabisa, breka ya msumeno inasoma nyuzi 58. Ningeondoka na hiyo 58 ningeandika "angalia tena baadaye". Lakini kwa lenzi ya kamera hii, ukiwa mita mbili nukta moja inafunika kama milimita 12 za kitu unachokipima. Waya wangu una unene wa milimita 6. Kwa hiyo kila nukta ilikula nusu waya, nusu plastiki ya baridi, ikaleta wastani. Ukitaka namba ya kuaminika, kitu kijaze angalau nukta tatu kwa tatu. Nilivaa glovu na ngao ya uso, nikasogea hadi sentimita 30 hivi, nikalenga ganda la waya na si chuma kinachong'aa, maana chuma kinaakisi joto la vitu vingine. Nyuzi 88. Programu ya kukuza picha haikuwa imenipa hata moja kati ya zile 30 zilizopotea. Ilikuwa imelainisha kingo za uongo tu.

Hapo bado sikuwa na hasira. Hasira ni hii inayofuata.

Ile rangi ya joto ilikaa juu ya waya wa njano, katikati ya breka ya fezi tatu. Mistari ya kamera ya kawaida ilikuwa imekatwa vizuri kiasi kwamba unaona hadi mfereji wa skrubu. Nilizima umeme, nikakaza skrubu ya njano, ikazunguka robo. Nikajisemea ndiyo hiyo. Tukawasha, nikapima, baridi. Mzee akafurahi, nikamwonyesha picha ya kabla na ya baada, nikaenda zangu.

Siku chache baadaye simu ikalia asubuhi. Waya wa nyekundu ulikuwa umeyeyuka pale unapoingia kwenye breka, mota ikabaki na fezi mbili, ikanguruma hadi ikaungua. Mota ya kusukwa upya. Mzee alisimama pembeni yangu akaniuliza taratibu, "Mwanangu, si ulinionyesha picha?" Sikuwa na la kumjibu. Mpaka leo nikikumbuka sauti yake naumia.

Nililiwazia usiku mzima. Lenzi ya joto na lenzi ya kawaida kwenye kamera yangu ziko bega kwa bega, zimeachana sentimita 2. Programu inazipanga picha mbili zilingane kwa umbali mmoja tu uliowekwa, na yangu ilikuwa imewekwa mita 2. Ukisogea sentimita 30, picha zinapishana kwa milimita 17. Breka inayoshikizwa kwenye reli ya paneli ina upana wa milimita 18 kwa kila fezi. Yaani rangi ya nyekundu ilisukumwa karibu breka nzima hadi ikatua juu ya njano, na mistari mizuri ikaapa kwamba ni ya njano. Sensa ya joto ilikuwa sahihi. Mchoro uliowekwa juu yake ndio ulionipoteza. Na kile kipimo cha "baada" nilikichukua msumeno ukizunguka bila gogo. Mkondo ukishuka nusu, joto la kiungo kilicholegea linabaki robo. Hilo ni kosa langu, nalikubali.

Nikaenda dukani. "Kaka, kwa nini hukuniambia picha mbili zinapishana ukisogea?" Hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Fundi, picha unaiona? Basi kamera nzima." Nikamwambia mota ya mtu imeungua. Akasema wateja wengine hawalalamiki. Wateja wengine! Mtu asiyejua nukta ni nini anauza kifaa cha kupimia!

Kwa hiyo msinunue. Ndivyo nilivyokusudia kuandika, na kichwa cha habari nilikuwa nimeshakiandika.

Lakini nyumbani nilifanya jaribio, na lazima niliseme pia. Nilikata boksi kama kitana, mianya ya milimita 5 na meno ya milimita 5, nikalisimamisha mbele ya sufuria yenye masizi, iliyojaa maji ya moto. Nikarudi nyuma taratibu hadi meno yalipoyeyukana kwenye skrini. Picha ghafi ilifika kama sentimita 80. Picha iliyokuzwa ikafia palepale, ila kwa ulaini zaidi. Halafu nikawasha ile hali inayopiga picha nyingi mfululizo na kuziunganisha. Meno yakaonekana kwa kama shibiri moja zaidi. Mkono unatikisika kidogo, kila picha inaanguka robo au nusu nukta pembeni ya nyingine, na taarifa mpya inapatikana kweli. Nilipoiweka kamera juu ya meza isitikisike, nyongeza ile ikapotea. Shibiri moja si haba kwa anayepima waya.

Na mistari ya kamera ya kawaida ina kazi yake. Ukiwa umbali uliowekwa inakwambia hii ni paneli ipi, na kwenye ripoti mwenye kiwanda anaelewa anachoangalia. Isikuchagulie skrubu tu. Siku hizi nikishaona joto, naigeuza kamera miguu juu, kichwa chini, na kupiga tena. Kama rangi imehamia upande wa pili wa breka, najua ni kupishana kwa lenzi. Halafu nazima mchoro, naanza kuhesabu breka kwenye picha ghafi, na mwenye msumeno namwomba apitishe gogo kabla sijapima.

Sijaiuza. Juzi imenionyesha kiungo kibovu kwenye kiwanda kingine kabla hakijaungua, na nilishukuru. Nyota tatu, basi. Hapana, nikikumbuka lile boksi la 640 x 480 narudi mbili, maana namba ile bado imeandikwa na yule kijana bado anauza.