"Remember locking" au "remember to lock": utumie ipi?

Kiswahili hutumia "ku-" ileile kwa maumbo yote mawili ya Kiingereza, ndiyo maana wengi hukwama hapa.

Kwa "remember" na "regret", angalia wakati. Umbo la -ing hutazama nyuma: "I remember locking the door" ni kumbukumbu ya mlango uliokwisha fungwa. "Remember to lock the door" hutazama mbele, kazi bado. Vivyo hivyo, "I regret telling you" ni majuto ya kilichosemwa, ilhali "I regret to tell you" hutangulia habari mbaya, hasa kwenye barua rasmi.

"Stop" hupimwa kwa lengo. "He stopped smoking" ameacha sigara. "He stopped to smoke" amesimama avute. Ukiweza kutia "ili", chagua "to". Kosa hapa halionekani, kwa kuwa sentensi hubaki sahihi kisarufi huku ikisema kinyume.

"Try" ndiyo yenye utelezi. "I tried to open the window": pengine limekwama, halikufunguka. "I tried opening the window, but the room stayed hot": lilifunguka, ila joto halikupungua. Ugumu wa tendo lenyewe huita "to". Ukijaribu njia uone matokeo, -ing.