Google Sheets ilivyonirudishia hisa za Machi

Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama wauza dagaa wa Kibirizi, hapa Kigoma. Tuko 28, hisa moja ni 5,000, na hesabu tunaziweka kwenye Google Sheets ili katibu naye aweze kuingiza akiwa kwake. Jumatatu usiku alibandika hisa za Aprili juu ya kolamu ya Machi bila kujua. Niligundua Jumatano: jumla ya Machi ilisoma 455,000, wakati daftari langu lina 640,000. Moyo ulinienda mbio, maana hizo ni fedha za watu.

Ctrl+Z haikunifaa, kwa sababu hutengua uliyoyafanya wewe mwenyewe tangu ulipofungua faili, si ya mwenzako wa juzi. Nikabofya kulia kwenye seli moja ya Machi, nikachagua Show edit history. Hapo hapo nikaona jina la katibu, saa 2:52 usiku, na kiasi cha zamani: 25,000. Sasa nilijua muda wa kutafuta.

Kwenye laptopu nilifungua File, kisha Version history, kisha See version history. Orodha ya matoleo hutokea kulia. Mwanzoni Jumatatu yote ilionekana kama toleo moja. Ilibidi nibofye kimshale cha pembeni ndipo yakafunguka matoleo madogo ya siku hiyo. Nikachagua la kabla ya saa 2:52, na Machi ikawa mbele yangu nzima, 640,000.

Hapa ndipo nawasihi muwe makini. Kitufe cha Restore this version kinarudisha faili lote, si kolamu moja. Ningekibonyeza, marejesho ya mikopo ya watu tisa niliyoingiza Jumanne yangetoweka kwenye jedwali. Yasingepotea kabisa, kwa kuwa toleo la Jumatano hubaki kwenye orodha, lakini ningeanza kuyahamisha upya. Badala yake nilibofya vidoti vitatu kando ya toleo, nikachagua Make a copy. Likapatikana faili la pembeni lenye hali ya Jumatatu jioni.

Kabla ya kugusa Machi, nilinakili kwanza zile namba za Aprili kwenye kolamu yake. Kisha nikachukua D2:D29 kutoka faili la pembeni na kuibandika kwa Ctrl+Shift+V, ambayo huleta thamani peke yake. Seli ya jumla, `=SUM(D2:D29)`, ikasoma 640,000. Hata hivyo nilipitia jina kwa jina na daftari, kwani mtu akiwa ameongezwa au majina yamepangwa upya, fedha za mmoja huangukia mstari wa mwingine na jumla isioneshe kitu.

Mwenyekiti alitaka ajionee mwenyewe, lakini historia hakuiona: nilikuwa nimempa ruhusa ya kusoma tu, na historia huonekana kwa mwenye ruhusa ya kuhariri. Nilimfungulia kwenye laptopu yangu. Siku hizi kila tukifunga kikao naenda Name current version, naandika tarehe ya kikao.