Tahadhari kwa wakazi wa Nairobi: faida ya asilimia 4 kwa siku, na sarafu inayoletwa malipo yanapokwama

Ninaandika nikiwa mweka hazina wa chama cha wanawake 14 wa mtaa wa Umoja. Mwaka jana tulipoteza shilingi 70,800 katika mpango uliojiita wa uwekezaji, na tangu hapo nimeona mwaliko uleule, kwa jina jingine na rangi nyingine, ukisambazwa katika vikundi vya WhatsApp vya wazazi wa shule, vya waumini na vya wapangaji wa ploti. Sitautaja mpango wenyewe, kwa sababu jina hubadilishwa kila baada ya miezi michache. Mbinu ndiyo isiyobadilika, na ni hiyo ninayotaka muitambue.

Mwaliko tuliletewa na jirani tunayemheshimu, ambaye naye alikuwa ameingizwa na shemeji yake. Aliniambia, "Dada, mimi mwenyewe nimelipwa Ijumaa mbili mfululizo, tazama ujumbe wa M-Pesa huu hapa." Ujumbe ulikuwa wa kweli, naye hakuwa akinidanganya. Masharti yalikuwa mepesi kueleweka: ukiweka shilingi 5,000 unapata asilimia 4 kila siku ya kazi, yaani shilingi 200, bila kikomo, kutoa pesa ni Ijumaa tu, kwa makato ya asilimia 10, na kila unayemwalika akiweka pesa, wewe unapewa asilimia 10 ya alichoweka. Kulikuwa pia na ngazi za juu, za shilingi 20,000 na 60,000. Niliweka 5,000 zangu, nikalipwa 900 Ijumaa ya kwanza na 900 ya pili, kisha nikakishawishi chama kiweke 60,000 kutoka katika akiba yetu.

Laiti ningechukua kalamu na karatasi kabla ya kufanya hivyo. Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita, na naomba mwifuate pamoja nami.

Tuseme watu 100 wameweka shilingi 5,000 kila mmoja, hazina ikawa 500,000. Asilimia 10 inakwenda kwa waliowaalika, zinabaki 450,000. Kila siku ya kazi mpango unadaiwa 200 kwa kila mtu, na baada ya makato anapokea 180, kwa hiyo watu 100 wanakula 18,000 kwa siku. Gawanya 450,000 kwa 18,000, utapata siku 25. Baada ya wiki tano kila mtu amerudishiwa pesa zake mwenyewe kidogo kidogo, akiamini kuwa ni faida, na hazina imekauka, hata kama waandalizi hawajachukua senti moja. Kuanzia hapo, ili kuwalipa hao 100 siku moja zaidi, lazima waingie wageni 4 siku hiyo, kwa kuwa kila mgeni anaacha 4,500. Lakini wale wanne nao wanaanza kudai kesho yake, na deni linapanda pamoja nao. Kwa maneno mengine, kila siku ya kazi lazima waingie wapya wanaofikia asilimia 4 ya wote waliomo, na idadi inayokua hivyo huongezeka maradufu kila siku 18 za kazi hivi. Anza na 100, uzidishe kwa mbili mara 16, utafika 6,553,600. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika kaunti nzima ya Nairobi, wachanga wakiwemo. Wiki 60 haziishi kabla ya mpango kuishiwa na watu wa kuingiza mjini.

Kwa hiyo faida iliyohakikishwa ya namna hii haihitaji mwandalizi mvivu au biashara iliyokwenda vibaya ili ianguke, bali inaanguka kwa hesabu yake yenyewe. Linganisheni na kile ambacho Serikali ya Kenya hulipa anayeikopesha: hata mwaka 2024, ambapo riba ya hati za Hazina za muda mfupi ilipanda sana, ilikuwa karibu asilimia 16, na hiyo ni kwa mwaka mzima. Mpango wetu uliahidi kiasi hicho kwa siku nne.

Kinachourefusha uhai wake ni kwamba watu wengi hawatoi. Sisi tulitoa mara moja tu, shilingi 10,800, kisha tukaacha salio "likue" hadi wiki ya nane, likasoma 144,000 kwenye simu. Nambari ile haikuwa pesa, ilikuwa maandishi ambayo mtu yeyote mwenye tovuti anaweza kuyaandika. Kwa sababu hiyo simkubali anayesema kwamba ukijaribu kutoa kidogo na ukalipwa basi mpango ni halali. Malipo madogo ya mwanzo ndiyo chambo chenyewe, nayo ni nafuu kwa mwandalizi kuliko tangazo la redio.

Tulipoomba salio lote tuliambiwa tulipe kwanza kodi ya asilimia 15, yaani shilingi 21,600, kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Ombi hilo lilinihadaa kwa sababu asilimia 15 ni kiwango cha kweli: ndicho kinachokatwa kwenye riba ya mkazi wa Kenya. Nilichosahau ni kwamba kodi hiyo inazuiliwa na anayekulipa, anaikata kwenye riba na kuiwasilisha mwenyewe kwa Mamlaka ya Ushuru. Hakuna benki, chama cha akiba na mikopo wala mfuko halali wa uwekezaji utakaokutaka utume pesa mpya ili upewe pesa zako. Nambari za kupokelea nazo zilikuwa zikibadilika kila wiki, na M-Pesa ilinionyesha jina tofauti kila mara kabla ya kuthibitisha. Nililiona jina hilo mara tano na mara zote tano nikabonyeza. Mfuko wa uwekezaji wenye leseni hauwezi kupokea pesa hivyo, kwa kuwa sheria inautaka uwe na mdhamini na benki ya kutunza mali, na pesa za wawekezaji huingia kwenye akaunti ya mfuko, si kwenye simu ya meneja.

Tulilipa. Siku tatu baadaye ikatangazwa kwamba kampuni "imepanda daraja" na kwamba masalio yote yamegeuzwa kuwa sarafu yake ya kidijitali kwa bei ya shilingi 10, hivyo tukawa na sarafu 14,400 ambazo haziwezi kuuzwa kwa siku 60. Hapa naomba tutulie kidogo, maana wengi huliona tangazo hili kama bahati. Deni la shilingi limefutwa, na mahali pake umepewa kitu ambacho mdaiwa anajichapia mwenyewe. Haikuwa mara ya kwanza duniani. Januari 2018 mpango wa BitConnect, uliokuwa umeahidi faida ya hadi asilimia 40 kwa mwezi, ulifunga huduma yake ya mikopo na kuwarudishia watu sarafu yake badala ya walichoweka. Bei ya sarafu hiyo ikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 90 muda mfupi baadaye.

Yetu kwanza ilipandishwa. Ndani ya wiki moja simu ilisoma shilingi 34, na kikundi kikajaa watu wakihimizana wanunue zaidi kabla haijafika 100. Bei ya namna hiyo hupandishwa kwa urahisi kwa sababu kapu la kubadilishia, yaani akiba ya sarafu na shilingi ambayo kila anayenunua au kuuza hubadilishana nayo, ni dogo. Chukueni kapu lenye sarafu milioni 1 upande mmoja na shilingi milioni 1 upande wa pili, bei ikiwa shilingi 1. Katika masoko mengi ya sarafu hizi, kanuni ni kwamba ukizidisha pande mbili jibu lisibadilike. Mwenye sarafu milioni 1 akiziuza zote, upande wa sarafu unakuwa milioni 2, kwa hiyo upande wa shilingi lazima ushuke hadi 500,000. Amepata nusu milioni, si milioni, na bei imebaki senti 25. Anayemfuata anaokota makombo. Waandalizi ndio wenye sarafu nyingi kuliko wote na ndio wasiofungiwa siku 60, basi wanauza wao kwanza, kwa pesa za wale wanaonunua kwa msisimko. Zetu zilipofunguliwa, bei ilikuwa chini ya senti moja. Kuna hata sarafu zilizoandikwa ili mnunuzi asiweze kuuza kabisa: sarafu ya Squid, mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 2021, ilipanda hadi zaidi ya dola 2,800 huku walioinunua wakishindwa kuiuza, kisha ikaanguka karibu hadi sufuri.

Mbinu hii ya kupandisha na kutupa huletwa pia kwa hisa za kampuni ndogo zisizouzwa sana. Mtu akikuambia kwamba hisa iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Nairobi itapanda maradufu kesho, kumbuka kwamba bei ya hisa hapo kwa kawaida hairuhusiwi kusogea zaidi ya asilimia 10 kwa siku.

Kabla ya kutuma chochote, fungueni orodha ya wenye leseni katika tovuti ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, mtafute jina kamili la kampuni, kisha mpige simu kwa nambari iliyo kwenye orodha hiyo, si ile mliyopewa kikundini, kwa sababu matapeli huazima majina ya kampuni halali. Sisi tulionyeshwa cheti cha usajili wa kampuni, nacho kilikuwa halisi. Cheti hicho kinathibitisha tu kwamba jina limesajiliwa, hakimpi mtu ruhusa ya kukusanya pesa za umma.

Aliyekwisha kutuma, na atumie nambari 456 mara moja kuomba M-Pesa irudishe muamala, ingawa mara nyingi mpokeaji huwa amekwisha kuzitoa. Msifute ujumbe wowote wala kutoka kikundini kabla ya kupiga picha za skrini zenye nambari za simu, kwa kuwa siku moja baada ya bei kuanguka kikundi chetu kilifutwa, na tulipokwenda kuandikisha ripoti polisi tulikuwa na kumbukumbu za miamala peke yake.

Wiki mbili baadaye nilipigiwa simu na mtu mpole sana aliyejiita wakili. Alilijua jina langu na la chama, akalijua salio letu hadi shilingi ya mwisho, akasema pesa zimepatikana na kwamba zinahitaji ada ya shilingi 3,500 ili ziachiliwe. Salio lile lilionekana mahali pamoja tu, kwenye tovuti ya waliotuibia. Mwenzetu mmoja alikuwa amekwisha kumtumia asubuhi hiyo.