Swichi au spilita ya HDMI? Hesabu vifaa vyako kabla ya kwenda Luthuli

Ukiingia duka la vifaa vya elektroniki pale Luthuli Avenue uulize kitu cha kuunganisha dekoda na PS4 kwenye TV yenye tundu moja la HDMI, utaonyeshwa kiboksi cheusi chenye matundu matatu. Ukiuliza kitu cha kupeleka dekoda moja kwenye TV mbili, utaonyeshwa kingine kinachofanana nacho kabisa. Muuzaji mwenye haraka atakwambia, "Chukua tu, bosi, zote ni moja." Si moja.

Swichi inapokea vifaa viwili au zaidi na kutoa picha ya kimoja unachochagua kwenda TV moja. Spilita inapokea kifaa kimoja na kutoa picha ileile kwenye TV kadhaa kwa wakati mmoja. Usiamini maandishi ya kwenye katoni. Soma yaliyochapwa kando ya matundu. INPUT 1, INPUT 2 na OUTPUT moja, hiyo ni swichi. INPUT moja na OUTPUT mbili, hiyo ni spilita.

Sasa tuseme umepewa spilita ukafika nayo nyumbani Umoja. Unachomeka dekoda kwenye OUTPUT 1, PS4 kwenye OUTPUT 2, na TV kwenye INPUT. Taa ya spilita inawaka vizuri, lakini TV inaandika "No Signal". Taa hiyo huwadanganya wengi, maana inaonyesha tu kwamba adapta inaleta umeme.

Picha ya HDMI husafiri upande mmoja tu, kutoka kwa kifaa kwenda kwa TV. Kabla haijatoka kuna mazungumzo mafupi: kifaa hupeleka volti 5 kwenye pini ya 18, TV hujibu kwa pini ya 19 kwamba ipo, kisha kifaa husoma kutoka kwa TV orodha ya aina za picha inazoweza kuonyesha. Ndani ya spilita, chipu iliyo nyuma ya INPUT imeundwa kupokea na zile za OUTPUT kutuma. Ukizigeuza, PS4 inazungumza na tundu ambalo nalo linazungumza, na TV inasikiliza tundu ambalo nalo linasikiliza. Pini ya 19 haijibiwi, kwa hiyo PS4 inaamini hakuna TV na haitoi picha. Kwa kawaida hakuna kinachoungua, na kubadilisha kebo hakutasaidia.

Kwa hiyo, kwa nyumba ya kawaida yenye TV moja, ningenunua kwa mpangilio huu.

Ya kwanza ni swichi yenye chipu na rimoti, ya vifaa vitatu. Huhitaji kuinuka kwenye kochi, na nyingi hujihamisha zenyewe ukiwasha kifaa. Chagua yenye adapta yake au tundu la kuingiza umeme, hasa kama kebo zako ni ndefu.

Ya pili ni swichi ndogo ya kitufe, iliyoandikwa "Bi-Direction". Ni rahisi kuliko ya kwanza, na ndiyo pekee hapa inayokubali kugeuzwa, kwa sababu kwa kawaida haina chipu ya kutuma wala kupokea. Kitufe kinaunganisha nyaya tu. Ukiigeuza utachagua TV ya sebuleni au ya chumbani, lakini kamwe si zote mbili pamoja. Kwa kuwa haiongezi nguvu ya picha, kebo ya kabla yake na ya baada yake zihesabu kama kebo moja. Picha ikianza kuzimika na kurudi au kutoa vidoti vyeupe, zifupishe.

Spilita naiweka ya tatu, ila kwa mwenye kibanda cha kuonyesha mpira ni ya kwanza, kwa kuwa dekoda yake ni moja na TV ni mbili. Ajue tu kwamba zote zitaonyesha chaneli ileile, na kama moja ni ya 4K na nyingine ya zamani, spilita nyingi za bei nafuu zitashusha picha hadi kiwango ambacho TV ya zamani inamudu.

Ya mwisho, ambayo singeinunua hata ikipunguzwa bei, ni kebo ya HDMI yenye vichwa viwili upande mmoja, isiyo na kiboksi wala umeme. Ukiiunganisha na TV mbili, zote hujibu dekoda kwa wakati mmoja kwenye nyaya zilezile na majibu yanagongana. Mara inaonyesha, mara haionyeshi.

Risiti nyingi za mjini husema bidhaa ikiuzwa hairudishwi, kwa hiyo mwombe muuzaji akupimie palepale. Kama ni swichi, achomeke vifaa viwili na TV moja, kisha abonyeze kitufe mara kadhaa. Skrini kuwa nyeusi kwa sekunde chache kila inapobadilika ni kawaida. Isiporudi, mwambie akupe nyingine.