TAHADHARI: Dawa ya meno, nyembe na spreyi za jumla "kutoka Nakuru". Angalia mkia wa tyubu kabla ya kutuma pesa

Wenzangu wenye maduka Kisumu na huku Magharibi, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya biashara akiuza kwa jumla dawa ya meno, vichwa vya wembe na spreyi za kwapa. Anasema mzigo umetoka stoo ya supamaketi iliyofungwa Nakuru. Mzigo ni feki. Mimi amenila Sh 7,400. Jina lake silitaji kwa sababu halina maana, hili ni la tatu tangu nimjue, na namba ya simu hubadilika nalo. Kisichobadilika ni picha zake, na ni kwenye picha hizo anapojifunga mwenyewe.

Duka langu liko Kondele. Nilichukua dazeni tatu za dawa ya meno kwa Sh 1,100 kila dazeni, wakati msambazaji wangu wa kawaida hunipa kwa Sh 1,900. Nikaongeza spreyi 12 na pakiti 10 za vichwa vya wembe. Nikatuma M-Pesa, parseli ikaja na matatu siku ya pili, hesabu kamili, nikashukuru Mungu. Wiki haikuisha. Mama mmoja jirani akarudi na tyubu imefungwa kwenye karatasi ya nailoni: "Mwanangu, hii kolgeti yako imepasukia nyuma." (Kwetu kila dawa ya meno ni kolgeti, hata ikiwa ya kampuni gani.) Alikuwa ameibinya mara moja tu, dawa ikatokea mkiani.

Hapo ndipo nilipokaa chini na zile picha alizonitumia kabla sijalipa, nikaweka kando yake tyubu ya chapa ile ile niliyonunua supamaketi. Kila kitu kilikuwa pale pale kwenye simu yangu. Sikuangalia tu.

Ili uelewe cha kuangalia, lazima ujue mkia wa tyubu hufungwaje. Tyubu hufika kwenye mashine ya kujaza ikiwa imeshachapishwa na kofia iko mahali pake, lakini mkia uko wazi. Inasimamishwa kichwa chini na dawa inaingizwa kutokea mkiani. Jicho la mashine linatafuta kile kipande kidogo cha rangi kilicho karibu na mkia, na tyubu inazungushwa mpaka jina la bidhaa liangalie mbele sawasawa. Kisha hewa moto inapulizwa ndani ya mkia, plastiki ya ndani inalainika, na taya mbili za chuma zinaubana. Kwa tyubu nyingi, namba ya bechi huwa imechongwa kwenye taya hizo hizo, kwa hiyo mkia unapofungwa ndipo na namba inapogongwa. Mwisho kisu kinakata ncha iliyobaki.

Hicho kipande cha rangi, kwa njia, ndicho kinachozungushwa kwenye WhatsApp kila mwaka na maneno kwamba kijani ni dawa ya asili na nyeusi ni kemikali tupu. Ni uongo. Ni alama ya mashine tu.

Sasa chukua tyubu yangu ya supamaketi. Mkia una mistari midogo iliyobanwa kwa nguvu, na namba ya bechi imezama ndani ya mistari hiyo; ukipitisha ukucha unaisikia. Ukiishika mkia ukiwa umelala sawa na macho yako, jina la bidhaa liko katikati kabisa. Tyubu ya yule jamaa, mkia umefungwa kwa ukanda mmoja laini, mwembamba, kama pakiti ya njugu inayofungwa na ile mashine ya mkono ya stendi. Namba ya bechi ni wino uliopigwa juu ya ukanda baadaye, na kwenye tyubu nne herufi ya mwisho imeangukia nje ya ukanda. Na jina la bidhaa limegeukia pembeni, kwenye tyubu moja kulia, kwenye nyingine kushoto, kwa sababu aliyekuwa akizifunga alikuwa akizielekeza kwa mkono. Kwenye picha ya dazeni iliyopangwa mezani, hilo la kugeuka linaonekana hata bila kukuza. Tyubu 12 zimelala kwa mikia yao, na majina yanaangalia kila upande kama kuku sokoni.

Tahadhari hapo: wino peke yake hautoshi kumhukumu mtu. Kuna viwanda halali vinavyopiga bechi kwa wino au kwa mwanga wa leza. Ndiyo maana lazima ulinganishe na tyubu ya chapa ile ile na saizi ile ile, siyo na ya jirani yake kwenye rafu.

Namba yenyewe ndiyo iliyonimaliza. Viwanda vingi huandika tarehe ndani ya bechi kwa tarakimu nne: ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, tatu zinazofuata ni siku ya mwaka kuanzia Januari 1. Si wote hutumia mtindo huo, kwa hiyo nilianza na tyubu halali mbili. Moja ilianza na 4092 na boksi lake limeandikwa imetengenezwa 04/2024. Mwaka 2024 Februari ilikuwa na siku 29, kwa hiyo siku ya 92 ni Aprili 1. Sawa. Ya pili ilikuwa 4205, boksi 07/2024. Siku ya 205 ni Julai 23. Sawa tena. Basi chapa hii inatumia mtindo huo. Nikageukia mzigo wangu: 4387, boksi 05/2024. Siku ya 387! Mwaka gani huo, wenzangu? Hata mwaka mrefu unaishia 366.

Kwamba tyubu zote 36 zilikuwa na bechi moja si tatizo, dazeni zilizotoka kiwandani pamoja huwa hivyo. Tatizo ni kwamba tyubu ndogo alizotangaza pembeni, za saizi nyingine kabisa, nazo zilikuwa 4387. Saizi mbili hazijazwi kwa mkupuo mmoja.

Kuhusu uchapaji kuna mtego ambao karibu uniponze upande wa pili, nimshuku hata msambazaji wangu halali. Kila rangi hupigwa peke yake, na zisipokutana vizuri unaona kivuli cha rangi kimechungulia ukingoni mwa herufi. Lakini WhatsApp ikibana picha, maandishi mekundu hujifutafuta ukingoni yenyewe, hata kwa bidhaa halali. Nilichojifunza ni kuangalia mwelekeo. Picha iliyobanwa hupaka ukungu pande zote za herufi. Rangi zilizokosana kiwandani zimesogea upande mmoja tu, na upande huo huo kwenye tyubu nzima. Kwenye mzigo wangu bluu imetokeza kulia kwa kila herufi, kuanzia jina kubwa mpaka maandishi meupe ya viungo, ambayo yamejazika mpaka "e" na "o" hazina tundu. Mwambie muuzaji atume picha kama dokumenti, siyo kama picha ya kawaida, ili isibanwe.

Spreyi sitachukua muda mrefu. Makopo yalikuwa halisi ila yamejazwa upya. Bechi huwa chini ya kopo kwenye ule mbonyeo, kwa nukta ndogo za wino. Kwangu kulikuwa na nukta hafifu za namba ya zamani chini ya namba mpya, na ukingo wa juu, pale kikombe cha vali kinapobanwa kwenye mdomo wa kopo, ulikuwa na mikwaruzo ya koleo. Usipoteze muda kusugua namba kwa dawa ya kutoa rangi ya kucha kama wengine wanavyoshauri. Wino halali nao hutoka. Na ule mstari wima nyuma ya kopo ambapo uchapaji unakutana, usiuogope, makopo mengi halali yanao. Cha kuogopa ni kopo ambalo rangi yake ni stika iliyoviringishwa. Tena usiliweke karibu na jiko, maana anayejaza makopo nyuma ya nyumba hujui ametumia gesi gani.

Vichwa vya wembe: vibanio viwili vya chuma vilivyo ncha zote mbili, ambavyo kwenye kichwa halali vimekunjwa nyuma vikalala bapa, kwenye vyake vimesimama nusu na kimoja kimepasua plastiki. Mteja wangu mmoja alitoka damu kidevuni. Nilimrudishia pesa, akachukua na soda.

Mtu ataniambia, sasa si utume ujumbe KEBS. Nilituma. Unaandika SM# na namba ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora, unatuma kwa 20023. Jibu likaja: kibali ni halali, bidhaa ndiyo hiyo. Bila shaka ni halali! Ameinakili kutoka boksi la kweli. Ujumbe ule unathibitisha namba, hauthibitishi tyubu uliyoshika. Ukikataliwa, kimbia. Ukikubaliwa, bado angalia mkia.

Kwa nini nasumbuka hivi kwa dawa ya meno? Mwaka 2007 Marekani walikamata Colgate za bandia ambazo boksi zake zilikuwa na makosa ya tahajia, hata jina la Afrika Kusini limekosewa, na ndani walipata dietilini glikoli, ambayo ni sumu ya figo na hutumiwa na walaghai badala ya gliserini kwa sababu bei yake ni ya chini. Mtoto humeza dawa ya meno. Yangu sijui ina nini na sitaionja. Na wewe mwenye duka usifikiri uko salama kwa kuwa ulidanganywa: chini ya Sheria ya Bidhaa Ghushi ya 2008, kuwa nazo kwa ajili ya biashara ni kosa. Nilitoa zote kwenye rafu, nikazipeleka pamoja na picha na ujumbe wa M-Pesa kwa mamlaka ya kupambana na bidhaa ghushi, ACA, hapa mjini.

Kabla ya hapo nilimjaribu. Nikajifanya mteja mpya kwa simu ya dada yangu, nikamwomba picha ya mkia mmoja, karibu, kwenye mwanga wa jua. Akajibu, "Sista, mzigo ni original, wengine wameshalipa." Nikaomba tena. Ikaja picha ya tyubu, kidole gumba kimefunika mkia wote. Nikamwambia atoe kidole. Akanifungia.

Juzi nimeona tangazo jipya. Jina jipya, safari hii anasema stoo iko Kakamega. Meza ile ile, kitambaa kile kile cha plastiki chenye maua ya njano na alama ya kuungua pembeni. Kwenye picha ya tatu amesahau kidole. Ukikuza utaisoma: 4387.