Uzoefu wangu: Chenin Blanc ya Afrika Kusini na samaki wa kupaka, kwa anayenunua waini mara ya kwanza

Kwa samaki wa kupaka, chupa ninayomshauri mgeni wa waini ni Chenin Blanc ya Afrika Kusini, waini nyeupe inayoitwa kwa jina la zabibu yake. Naipa nyota nne kati ya tano.

Sababu iko kwenye mchuzi. Tui zito huacha mafuta mdomoni, ukwaju una uchachu wake, na pilipili inawasha. Waini isiyo chachu kuushinda mchuzi huo utaiona imepooza kama maji baada ya tonge la kwanza. Chenin hubaki na uchachu hata ikilimwa penye joto. Waini nyekundu nakushauri uiache siku hiyo: ukakasi wake huzidisha mwasho wa pilipili, na mara nyingi ikikutana na samaki huacha ladha ya chuma.

Kwenye lebo, tazama kwanza jina la zabibu. Kwa sheria ya Afrika Kusini, likiandikwa jina moja, angalau asilimia 85 ya waini hiyo imetokana na zabibu hiyo. Kisha mwaka, ambao ni wa mavuno, si wa kuingizwa dukani. Chenin ya bei ya kawaida hunywewa ikiwa changa. Ikipita miaka mitatu siichukui. Kilevi nataka asilimia 12 hadi 13, kwa kuwa ikifika 14 pilipili itawaka maradufu.

Neno linalowaponza wengi ni “Natural Sweet”. Watu hudhani maana yake ni waini ya asili isiyotiwa kitu, kumbe ni daraja la utamu, na sukari yake ni nyingi. Kwa samaki huyu tafuta “Dry”, yaani isiyo na utamu, au “Off-Dry”, yenye utamu kidogo, kama mpishi wako hana huruma na pilipili, maana utamu kidogo huzima moto. “Wooded” na “Barrel Fermented” ni waini iliyokaa kwenye mbao: nzito zaidi na ghali zaidi. Iache kwanza.

Nyota moja nimeikata kwa sababu chupa nyingi hazitaji kiwango cha utamu wala mbao. Moja itakuwa kali kama tofaa bichi, nyingine laini kama embe, na jina ni lile lile. Hapo muulize muuzaji, au soma lebo ya nyuma.

Usichukue chupa iliyosimama dirishani juani. Kizibo kikiwa kimejitokeza au shingo inanata, imepigwa na joto. Ukimimina ukaona rangi ya kahawia na harufu ya tofaa lililopondeka, imeharibika, irudishe.

Iweke kwenye friji saa mbili au tatu, uitoe dakika kumi kabla ya kula; baridi kali huficha harufu. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za kawaida. Ikibaki, ifunge uirudishe kwenye friji, na uimalize ndani ya siku tatu.